Kipisi cha sigara kikishalowa, umechelewa: taka ndogo na mitaro ya Mwanza

Mvua za kwanza za vuli zikianguka Mwanza baada ya kiangazi, maji hushuka mbio kutoka kwenye vilima vya mawe, hupita kwenye mitaro ya mitaa, kisha hukimbilia Mto Mirongo au ziwani moja kwa moja. Mahali pengine hayafiki. Hukwama kwenye mdomo wa kalavati, hupanda, humwagika barabarani, na wenye maduka huanza kunyanyua mizigo kutoka sakafuni. Kesho yake watu wakichimbua pale palipoziba, lawama huangukia vitu vikubwa: chupa za maji, mifuko ya saruji, tairi la bodaboda. Vinaonekana, na kweli vina kesi ya kujibu. Lakini chukua chepe moja la lile tope, litandaze juani mpaka likauke, kisha lipangue kwa kijiti. Humo utakuta vizibo vya soda, mirija iliyopondeka, vifungashio vya karanga na ubuyu, karatasi za pipi, vijiti vya mishikaki, nyuzi za maganda ya miwa, na vipisi vya sigara kwa makumi, vimevimba na kupoteza rangi, karatasi imebanduka na kilichobaki ni kichungi kama kidonge cha pamba.

Nataka kukifuata hicho kipisi peke yake. Si kwa sababu ndicho kinachoziba mtaro kuliko vyote. Sivyo, na nitaeleza. Ni kwa sababu kina tabia mbili zinazokitofautisha na chupa au mfuko, na tabia hizo zinafanya hatua nyingi tunazozijua, kama kuweka wavu, kuzibua mtaro na kusafisha ufukwe, zimfikie mhusika akiwa ameshafanya kazi yake.

Kwanza, kimetengenezwa na nini. Wengi hudhani kichungi ni pamba au karatasi, kwa hiyo kitaoza. Sicho. Ni plastiki iitwayo selulosi asetati, iliyovutwa ikawa nyuzi nyembamba sana, zaidi ya 12,000 katika kichungi kimoja, zikabanwa pamoja na kufungwa kwa karatasi. Malighafi yake ya asili ni mti, lakini imebadilishwa kikemikali kiasi kwamba bakteria wa udongoni na majini wanaihangaikia kwa miaka. Inachanika na kumeguka vipande vidogo muda mrefu kabla ya kuoza. Na kwa kuwa kazi ya kichungi ni kunasa sehemu ya moshi, mvutaji anapokitupa kinakuwa kimebeba lami ya tumbaku, nikotini, metali kama kadmiamu na risasi, na masalia mengine mengi. Mara nyingi kinabaki pia na kipande kidogo cha tumbaku isiyoungua, na humo ndimo nikotini nyingi iliko.

Tabia ya kwanza: kipisi kikavu kinaelea. Kimejaa hewa katikati ya nyuzi, kwa hiyo maji ya mvua yanakibeba juu juu kama jani. Lakini selulosi asetati yenyewe ni nzito kuliko maji. Hewa ikishatoka na nyuzi zikalowa, kinazama na kuanza kusafiri chini, pamoja na mchanga. Yaani ni taka inayobadilisha njia katikati ya safari. Wavu unaotega vitu vinavyoelea unaikosa, na shimo la kutegea mchanga linaipata ikiwa imeshakamuliwa.

Tabia ya pili ni hiyo ya kukamuliwa. Watafiti wa Berlin waliviloweka vipisi kwenye maji yaliyotuama, na vingine wakaviweka kwenye mvua ya kuigiza, kisha wakapima nikotini iliyotoka. Kwenye maji yaliyotuama, nusu ya nikotini ilikuwa imetoka ndani ya dakika 27 za mwanzo; kwenye mvua ya kuigiza, karibu nusu ya nikotini iliyotoka katika mvua 15 ilitoka katika mvua ya kwanza. Soma tena hiyo dakika, maana makala nzima imening'inia hapo. Mvua ya vuli ya Mwanza inaweza kunyesha saa nzima bila kupumzika. Kipisi kilichoachwa pembeni ya barabara, Makoroboi au Mlango Mmoja, kimeshatoa sehemu kubwa ya sumu yake kabla hakijafika kwenye kalavati la kwanza. Unaweza kukinasa mbele ya safari, ukakiokota ufukweni, ukapiga nacho picha ya siku ya usafi; ulichookota ni plastiki. Kilichokuwa ndani yake kimetangulia.

Je, hicho kilichotangulia kina madhara gani? Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011. Samaki wadogo wa aina mbili, mmoja wa baharini na mmoja wa maji baridi, waliwekwa kwenye maji yaliyolowekwa vipisi. Takriban kipisi kimoja kwa kila lita ya maji kilitosha kuua nusu ya samaki ndani ya siku nne. Vichungi vitupu, vilivyoondolewa mabaki ya tumbaku, navyo viliua, ingawa vilihitajika vingi zaidi.

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu takwimu hiyo huzungushwa mitandaoni kana kwamba Ziwa Victoria linakaribia kuuawa na sigara. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Vipisi vya Mwanza nzima vikimwagwa katikati ya maji hayo, nikotini yake hutaipata hata kwa kipimo cha maabara. Kipisi kimoja kwa lita ni hali ya dimbwi, na madimbwi ndiyo tuliyo nayo: maji yaliyotuama ndani ya mtaro uliojaa mchanga, kijito cha msimu wa ukame, na maji ya kina kifupi penye mafunjo na matete kando ya midomo ya mito, ambako samaki wadogo hujificha. Pale ndipo mvua ya kwanza baada ya miezi mikavu inapoteremsha kwa mkupuo mmoja vipisi vya kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua ya pili na ya tatu huwa nyepesi kwa uchafu huo, hata kama ni nzito kwa maji.

Kuhusu plastiki yenyewe kuna jambo la karibu zaidi na sisi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa Mwanza, ishirini wa kila aina. Walipopasuliwa na kuchunguzwa, mmoja kati ya kila watano alithibitika kuwa na chembe za plastiki tumboni. Aina zilizotambuliwa zilikuwa za vifungashio, nyuzi za nguo na vitu vya namna hiyo. Selulosi asetati ya vichungi haikuwamo. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba sangara wako amekula sigara. Utafiti ule unaonyesha kitu kingine: njia ya kutoka barabarani hadi tumboni mwa samaki iko wazi, na taka ndogo laini ndizo zinazoipita.

Turudi kwenye mtaro, maana mafuriko ya barabarani ndiyo yanayogusa mfuko wa mtu leo.

Ukweli ambao wapenda kampeni za usafi hawaupendi sana ni kwamba sehemu kubwa ya kinachojaza mitaro ya Mwanza ni mchanga. Jiji limejengwa juu ya vilima vya mawe, nyumba zimepanda hadi vileleni, njia za miguu zimekuwa makorongo, na kila mvua inashusha changarawe. Kwenye mteremko maji yana nguvu ya kuubeba. Yakifika bondeni, mtaro unapokaribia kulala, mwendo unapungua, na ukishuka chini ya takriban sentimita 60 kwa sekunde mchanga unaanza kutulia sakafuni. Taka ndogo haziutengenezi mchanga huo. Kazi yake ni kuyapunguzia maji mwendo mahali pasipostahili.

Angalia mdomo wa kalavati jinsi unavyoziba, hatua kwa hatua. Linaanza jambo moja kubwa: chupa iliyokaa kimshazari, tawi, au mfuko uliojiviringisha kwenye nondo iliyochomoza. Peke yake halizibi, maji yanapita pembeni. Kisha zinakuja nyuzi za maganda ya miwa na mirija, zinalala juu ya kile kikubwa na kutengeneza tundu tundu. Baada ya hapo vifungashio vya karanga vinabandikwa na maji yenyewe kwenye yale matundu, kama kibandiko, na vipisi vya sigara na vizibo vinajaza nafasi zilizosalia. Sasa kuna ukuta. Nyuma ya ukuta maji yanapoa, mchanga unatulia, na mvua ikikatika ule mchanga unabaki pale ukiwa umefunika kila kitu. Mvua inayofuata inakuta sakafu ya mtaro imepanda. Anayekuja kuchimbua anauona mchanga na kusema tatizo ni mchanga. Kwa uzito, amesema kweli.

Ni nini hasa kinapotea sakafu ikipanda? Tuchukue mtaro wa mfano, wa mstatili, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, uliosakafiwa kwa saruji na wenye mteremko wa mita moja kwa kila mita mia. Kwa kanuni ya Manning, ambayo mhandisi yeyote wa maji anaitumia, mtaro huo ukiwa safi na umejaa hupitisha karibu lita 820 kwa sekunde. Sasa uufukie nusu, sentimita 30 za mchanga na taka. Mtu angetarajia upitishe nusu, lita 400 na kitu. Haiwi hivyo. Nafasi imepungua nusu, lakini pia maji yaliyobaki yanasugua kuta na sakafu kwa uwiano mkubwa zaidi, na sakafu mpya ya taka ni mbovu kuliko saruji. Hesabu inatoa karibu lita 250 kwa sekunde, chini ya theluthi moja ya mwanzo.

Weka juu ya mtaro huo eneo la hekta tano la maduka, mabati na lami, ambako asilimia 80 ya mvua haipati pa kuzama. Mvua ya milimita 60 kwa saa, ambayo si ajabu huku ziwani hata kama haidumu saa nzima, italeta karibu lita 670 kwa sekunde. Mtaro safi unazibeba na kubakiza nafasi. Mtaro uliofukiwa nusu unazikataa lita 420 kila sekunde, na hizo ndizo zinazoingia dukani. Mtaro ule ule, mvua ile ile. Mtu akisema jiji linahitaji mitaro mikubwa zaidi, inawezekana yuko sahihi, lakini aulizwe kwanza ile iliyopo imebaki na kina gani.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni wavu. Tuweke wavu kwenye kila tundu la barabara, taka zibaki juu. Tatizo ni vipimo. Kipisi kina kipenyo cha milimita saba au nane. Ili wavu ukizuie, nafasi zake ziwe chini ya hapo. Wavu wa namna hiyo utazibwa na majani na vifungashio katika dakika chache za mwanzo wa mvua, na barabara itafurika huku mtaro chini yake ukiwa mkavu. Nimeona mahali ambapo watu wa mtaa waliung'oa wavu kwa mtaimbo mvua ikiwa inaendelea, na kwa hali ile nisingewalaumu. Wavu unaofaa ni wa nondo zilizoachana sentimita kadhaa, umelazwa mshazari ili maji yakipanda yasukume taka kwenda juu badala ya kuzikandamiza, na juu yake iachwe nafasi ya maji kupita ukishajaa. Huo unakamata chupa na mifuko, yaani kile kikubwa kinachoanzisha ukuta. Vipisi utaviacha vipite. Si kasoro ya fundi, ndivyo ulivyo.

Kuna pia nyavu za kufunga mwisho wa bomba, kama soksi kubwa. Mji wa Kwinana huko Australia uliziweka mwaka 2018 na picha zake zikazunguka dunia. Mwanzoni zilitoa kilo 370 za taka. Hapa watu huuliza kwa nini Mirongo haifungwi wavu kama ule. Mirongo si bomba. Ni mto wenye mafuriko, unaobeba mchanga na magogo, na wavu mwepesi ungechanika au ungegeuka bwawa katikati ya makazi. Kwenye midomo ya mitaro midogo inayoingia ziwani, unaweza kufaa, mradi kuna mtu wa kuumwaga baada ya kila mvua kubwa. Lakini kumbuka zile dakika 27. Wavu wa mwisho wa bomba ni tiba ya plastiki. Kwa nikotini umefika baada ya mazishi.

Kwa hiyo hatua zote zinazosubiri majini zina ukomo mmoja, na kwa kipisi ukomo huo ni wa karibu sana. Kinapaswa kukamatwa kikiwa kikavu. Kuna nafasi mbili tu za kufanya hivyo: kinapotoka mkononi mwa mvutaji, na kinapokuwa kimelala barabarani kikisubiri mvua.

Tuanze na cha barabarani, maana huko ndiko pesa ya usafi inakokwenda tayari. Barabara za katikati ya jiji hufagiliwa, nyingi alfajiri, kwa mafagio ya chelewa. Ufagio huo ni mzuri kwa majani na karatasi. Kipisi, hata hivyo, kinapenda kujikunja kwenye maungio ya mawe ya pembezoni, kwenye nyufa za sakafu na chini ya meza za biashara, na chelewa inapita juu yake. Mfagiaji anayejua kazi hubadilisha, anashika ufagio mfupi mgumu kwa ajili ya ule mstari wa sentimita kumi kando ya ukingo, maana vipisi vingi hujipanga hapo. Upepo na magurudumu ya bajaji huvisukuma mpaka kwenye ukingo na huko havitoki tena, ila kwa ufagio au kwa maji.

Kinachoniudhi zaidi ni mwisho wa mstari. Ukisimama alfajiri kwenye mtaa wowote wenye mtaro usiofunikwa utaona rundo likifagiliwa vizuri, likakusanywa, na pale penye tundu la mtaro likapewa msukumo mmoja mdogo. Barabara inabaki safi. Si uvivu kila mara. Mfagiaji amepewa urefu wa barabara wa kumaliza na hakupewa toroli, ghuba la taka liko mbali, na msimamizi akipita anaangalia lami, haangalii ndani ya mtaro. Ukilipa kwa urefu uliofagiliwa, utapata urefu. Ukilipa kwa magunia yaliyofikishwa ghubani, utapata magunia. Kwa kipimo cha kwanza, kufagia kwenyewe ni njia ya uhakika ya kuingiza vipisi mtaroni, kwa utaratibu na kila siku.

Ndugu yake kosa hilo hutokea wakati wa kuzibua. Tope linachimbuliwa na kurundikwa ukingoni likauke, kwa sababu likiwa bichi ni zito na linamwagika kwenye guta. Hiyo ina mantiki. Linatakiwa siku mbili tatu za jua kisha liondolewe kwenda dampo la Buhongwa. Likiachwa wiki mbili, mvua moja inarudisha karibu lote, na safari hii limelegea, linakwenda mbali zaidi ya lilipokuwa. Njia rahisi ya kutambua mtaro unaozibuliwa hivyo ni kuangalia ukingo wake: utakuta tuta la tope kavu lenye majani yaliyoota juu yake, vipisi vikichungulia pembeni.

Na wakati. Kufagia kila siku wakati wa kiangazi kunaonekana anasa, mvua haipo, mtaro mkavu, mafuriko hakuna. Ukweli ni kinyume. Kila kipisi kilichotupwa Julai na Agosti bado kiko mahali fulani kwenye ukingo au sakafu kavu ya mtaro, kikiwa na nikotini yake. Jiji lenye bajeti ndogo lingefanya vizuri kuhamishia nguvu wiki za mwisho wa Septemba: kufagia ukingo kwa ufagio mgumu, kukwangua mitaro ikiwa mikavu, na kuondoa rundo siku hiyo hiyo. Tope kavu ni jepesi, halinuki sana, na kazi ya mtu mmoja wakati ule ni kazi ya watu watatu baada ya mvua.

Sasa mkono wa mvutaji. Huku kwetu sigara nyingi hununuliwa moja moja. Mtu anasimama kwenye meza ya machinga, anachukua moja, anaiwasha kwa kiberiti cha pale pale, na anaivuta akiwa hapo hapo au kwenye kijiwe cha bodaboda cha jirani, huku akisubiri abiria au akipiga soga. Sigara inachukua dakika tano hadi saba. Hivyo basi vipisi havitapakai jiji zima kwa usawa. Viko kwenye vieneo vidogo vya hatua chache kuzunguka meza, vijiwe, milango ya baa, vituo vya daladala, na nje ya majengo ambayo ndani yake sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inazuia kuvuta. Hiyo ni habari njema kwa mtu anayetaka kuvipunguza, kwa kuwa anajua pa kusimama.

Kule Marekani waliwahi kuwatazama kimya kimya watu wapatao elfu kumi mitaani na kuandika nani anatupa nini. Kwa taka zote kwa jumla, aliyetupa ovyo alikuwa kama mmoja kati ya sita. Kwa sigara, ilikuwa asilimia 65. Watu wale wale wanaobeba chupa tupu mpaka kwenye pipa walikiachia kipisi chini bila kufikiri. Sababu mojawapo ni ya kimwili kabisa: kipisi kina moto. Huwezi kukitia mfukoni, na ukikitia kwenye pipa lenye makaratasi unaweza kuwasha moto. Kukikanyaga chini kunahisiwa kama usalama, si uchafuzi. Pipa la kawaida la taka halimsaidii mvutaji, hata likiwa hatua mbili kutoka alipo.

Kinachomsaidia ni kopo la mchanga. Kopo la rangi la lita nne, limejazwa robo tatu mchanga mkavu uliochekechwa, limetobolewa tundu dogo sentimita chache juu ya usawa wa mchanga ili maji yakiingia yasifurike, na limefunikwa na kipande cha bati kilichoinuliwa ili mvua isiingie. Mvutaji anachomeka kipisi, kinazimika. Kifungwe kwa waya kwenye mguu wa meza au nguzo, la sivyo kesho kopo litakuwa linachotea maji mahali pengine. Liwe ndani ya hatua tatu au nne za anaposimama mvutaji, usawa wa kiuno, upande ule ule anaotazama. Likiwekwa ng'ambo ya barabara, ni pambo.

Makopo haya hufa kwa sababu moja: hakuna wa kuyamwaga. Mchanga ukishajaa vipisi, mvutaji anayefuata anaona uchafu na kutupa pembeni, na penye uchafu watu wanaongeza uchafu. Kwa meza inayouza pakiti mbili kwa siku, vipisi 40 hivi vinavyotoka humo havifiki gramu kumi. Kumwaga mara moja kwa wiki kunatosha. Mchanga unachekechwa kwenye wavu wa dirisha na kurudishwa, vipisi vinafungwa kwenye karatasi na kupewa mzoa taka. Visichomwe, visitupwe shambani, na mchanga huo usipewe watoto wauchezee. Mwenye meza ndiye mtu sahihi wa kazi hii, kwa kuwa yupo pale kutwa na wateja ni wake. Kumwambia ndugu yangu zima hapa kunatoka vizuri mdomoni mwa aliyemuuzia kuliko mdomoni mwa mgambo. Faini kwa mvutaji zipo kwenye vitabu, lakini kumkamata mtu kwa kitu kinachodondoka kwa nusu sekunde ni kazi inayotaka mgambo kila kijiwe, na mwisho wake tunaujua: anakamatwa asiye na mtu wa kumpigia simu.

Utajuaje kama kopo linafanya kazi? Usipime kwa kilo. Hapo ndipo ripoti nyingi za usafi zinapopotea. Kipisi kikavu kina uzito wa takriban robo gramu au chini yake, kwa hiyo vipisi elfu moja havijai hata robo kilo. Kwenye jedwali la tani za taka zilizozolewa havionekani kabisa, na hatua iliyovipunguza nusu itaonekana haikufanya kitu. Hesabu vipande. Chagua mita kumi za ukingo mbele ya meza na mita kumi nyingine kwenye kijiwe kisicho na kopo. Hesabu zote mbili saa kumi na moja jioni, siku ile ile ya wiki, siku isiyo na mvua, na hakikisha zote zimefagiliwa asubuhi ile. Fanya hivyo kabla ya kuweka kopo, kisha wiki kadhaa baadaye. Kijiwe cha pili kinakusaidia usidanganyike: kama vipisi vimepungua kote kuwili, labda ilikuwa mwisho wa mwezi na pesa imekata, si kopo.

Kuna njia inayoruka hatua zote hizi, nayo ni kutoruhusu kitu kiingie sokoni. Tanzania imeshawahi kuitumia. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu za ulevi zaidi kuliko za mitaro, na mifuko ya plastiki ya kubebea ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ukipangua tope la leo, kile kijifuko kidogo cha pombe ni cha kutafuta. Mifuko laini ya kufungia karanga na ubuyu ilibaki, ikageuzwa ya kubebea bidhaa, na ndiyo inayobandika yale matundu kwenye ukuta wa kalavati. Marufuku hufanya kazi pale kitu kinapokuwa na jina lisilobishaniwa, na huvuja pale kunapokuwa na ndugu yake anayefanana naye.

Kichungi cha sigara kina jina lisilobishaniwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilizitaka serikali zikihesabu kama plastiki ya kutumika mara moja na zifikirie kukipiga marufuku, likikumbusha kwamba hakijathibitika kumkinga mvutaji. Kinachofanya zaidi ni kuulainisha moshi, na sigara yenye vitundu vya hewa kwenye kichungi humfanya mtu avute kwa nguvu zaidi. Ulaya haikwenda mbali hivyo. Kwa sheria yake ya plastiki ya mwaka 2019 iliamua kwamba watengenezaji wa sigara zenye vichungi wachangie gharama za kuzoa vipisi. Kwetu, aliyefagia ukingo wa Mlango Mmoja analipwa kwa ada ya taka ya mwenye duka, ambaye huenda hajawahi kuvuta.

Wapo wanaopigia debe vichungi vya karatasi au vya nyuzi za mimea, vinavyooza. Vinaoza haraka zaidi, ni kweli, na kwa hesabu ya plastiki ni nafuu. Lakini vinanasa moshi ule ule, kwa hiyo vikilowa vinatoa nikotini ile ile, na majaribio ya maabara yameonyesha maji yaliyolowekwa vichungi vya namna hiyo navyo yanadhuru viumbe wa majini. Wasiwasi wangu ni mvutaji atakayesoma kwenye pakiti kwamba kinaoza, akakitupa bila hata ile haya ndogo aliyokuwa nayo.

Sigara isiyo na kichungi ingeacha kishina cha tumbaku na karatasi, ambacho nacho kina nikotini ya kutosha kwenye dimbwi lakini hakiachi nyuzi 12,000 za plastiki. Kopo la mchanga bado lingehitajika. Toroli la mfagiaji pia. Na ule mchanga wa vilimani ungeendelea kushuka kila mvua, ukikuta maganda ya miwa na chupa vimejipanga mlangoni mwa kalavati.